Kusoma FLAIR na SWI kwa pamoja: mwongozo kamili kuhusu ubongo ulioumia ajalini

Mwongozo huu nimewaandikia wataalamu wa mionzi na madaktari wa hapa Kanda ya Kati wanaopokea majeruhi wa ajali za barabarani ambao CT skani yao haina damu kubwa wala fuvu lililobonyea, lakini siku zinapita na mgonjwa hafungui macho. Swali la wakati huo huwa moja: je, nyuzi za ubongo zimechanika ndani kwa ndani, na ikiwa ndivyo, zimechanika wapi? Picha za kawaida za MRI, yaani T1 na T2, mara nyingi hazilijibu swali hilo, na kwa kila moja ipo sababu mahususi ya kutolijibu. FLAIR na SWI hulijibu kwa njia mbili tofauti, na kwa uzoefu wangu makosa mengi hutokea pale msomaji anapozisoma kila moja peke yake.

Nitaeleza kwanza kila sikwensi inavyofanya kazi, kwa kiasi kinachomtosha mtu aliye mbele ya mashine, kisha nitapitia kisa kimoja hatua kwa hatua. Kisa hicho nimekitunga kutokana na aina ya wagonjwa tunaowaona. Hakimhusu mtu yeyote mmoja.

Kwa nini T2 ya kawaida huficha

Kwenye T2, maji huonekana meupe sana. Sehemu ya ubongo iliyoumia huwa imevimba, na uvimbe ni maji, kwa hiyo jeraha nalo huwa jeupe. Tatizo ni kwamba maji ya ubongo yaliyojaa kwenye vyumba vya ndani na kwenye mifereji ya juu ya ubongo ni meupe zaidi kuliko jeraha lolote. Jeraha dogo lililolala kando ya chumba cha maji, au kwenye gamba linalopakana na mfereji, humezwa na weupe wa jirani yake. Jicho huona ukingo wa chumba umepanuka kidogo, na msomaji anapita. Korpasi kalosamu, ule mkanda mnene wa nyuzi unaounganisha nusu mbili za ubongo, imelala juu kabisa ya vyumba hivyo, na ndiyo sehemu inayoumia mara kwa mara kichwa kinapotikiswa kwa nguvu. Ndiyo maana huko hasa T2 hutuangusha.

Kuhusu damu, sababu ni nyingine. T2 ya kawaida hupigwa kwa mbinu ya mwangwi wa spini: baada ya pigo la kwanza la mawimbi ya redio hufuata pigo la nyuzi 180, ambalo kazi yake ni kusahihisha hitilafu ndogondogo za uga wa sumaku. Chuma kilichomo kwenye damu iliyovuja huivuruga sumaku mahali pale pale ilipo, na vurugu hiyo ndiyo alama ambayo tungetaka kuiona. Pigo la 180 huifuta sehemu kubwa ya alama hiyo. Mwangwi wa spini wa haraka, ambao ndio hutumika karibu kila mahali siku hizi, hupiga mapigo ya 180 mengi mfululizo na kuifuta zaidi. Kwa hiyo nukta ya damu yenye upana wa milimita moja au mbili inaweza kuwapo kwenye ubongo na isiwepo kabisa kwenye T2.

FLAIR: kuyanyamazisha maji

FLAIR ilielezwa mara ya kwanza mwaka 1992 na kundi la watafiti wa London. Kabla ya kupiga picha, mashine hutoa pigo la kugeuza ambalo huupindua usumaku wa tishu zote uelekee upande wa pili. Kisha usumaku huo huanza kurudi taratibu, kila tishu kwa mwendo wake. Njiani kila tishu hupita kwenye sifuri, na tishu iliyo kwenye sifuri wakati picha inaanza kupigwa haitoi ishara yoyote. Maji ya ubongo hurudi polepole kuliko tishu nyingine zote, kwa hiyo tukisubiri hadi yafike sifuri, tishu za ubongo zitakuwa zimekwisha kupita huko na zina ishara ya kutosha. Muda huo wa kusubiri ndio huandikwa TI kwenye skrini.

TI haikisiwi. Inategemea T1 ya maji na TR uliyochagua, kwa kanuni hii:

```
TI = T1 × [ln 2 − ln(1 + e^(−TR/T1))]
```

Tukichukua T1 ya maji ya ubongo kuwa milisekunde 4300, na TR ya 9000, TI inayoyafikisha maji kwenye sifuri ni takribani 2480. Ukipunguza TR hadi 6000 ili kuokoa muda, TI sahihi inashuka hadi takribani 2030. Hapa ndipo mtu mwenye haraka huharibu: anapunguza TR kwa sababu mgonjwa hatulii, anaiacha TI ilivyokuwa, na maji yanatoka ya kijivu kichwa kizima. Dalili ya kosa hili ni rahisi kuitambua. Maji ya vyumba vya ndani na ya mifereji ya nje yote yanakuwa ya kijivu kwa pamoja. Ikiwa maji ya ndani ni meusi lakini ya mifereji ya nje ni meupe, sababu si TI, na nitarudi kwenye jambo hilo kwa kirefu.

Ingawa maji yamenyamazishwa, FLAIR inabaki kuwa picha yenye TE ndefu, kwa hiyo uvimbe wa jeraha unabaki mweupe. Jeraha la kwenye korpasi kalosamu lililokuwa limemezwa kwenye T2 sasa linang'aa juu ya chumba cheusi. Kwa sababu hiyo naomba kila majeruhi apigwe FLAIR ya wima inayokata katikati ya kichwa, pamoja na ile ya ulalo. Kipande cha ulalo chenye unene wa milimita 5 hukata mkanda huo vibaya, lakini cha wima huuonyesha wote toka mbele hadi nyuma. Mashine yenye FLAIR ya 3D ya milimita moja huondoa haja ya kupiga mara mbili, kwa kuwa kipande chochote hutengenezwa baadaye.

Kuna mahali FLAIR ni dhaifu. Kwenye shina la ubongo na serebela, T2 ya kawaida mara nyingi huonyesha jeraha vizuri zaidi, na maji yanayokwenda mbio mbele ya shina na ndani ya chumba cha nne huacha weupe bandia, kwa sababu maji mapya ambayo hayakupata pigo la kugeuza yameingia kwenye kipande. Usiandike jeraha la shina la ubongo kwa FLAIR peke yake.

SWI: kuiacha sumaku ilalamike

SWI hutumia mwangwi wa gradienti, ambao hauna pigo la 180. Vurugu ya sumaku inayoletwa na chuma haisahihishwi, na ishara mahali hapo inazimika. Nukta inakuwa nyeusi, na inaonekana kubwa kuliko ilivyo kwa kweli kwa sababu vurugu huvuka mipaka ya damu yenyewe. Kwa hiyo usipime ukubwa wa nukta kwenye SWI ukauandika kama ukubwa wa jeraha.

SWI inazidi picha ya kawaida ya mwangwi wa gradienti kwa jambo moja. Mashine hurekodi pia fazi, yaani kiasi ambacho protoni za mahali fulani zimetangulia au zimechelewa katika mzunguko wao, na taarifa hiyo huzidishwa juu ya picha ya kawaida ili tofauti ndogo za chuma zionekane. Mbinu hii ilitengenezwa na kundi la Mark Haacke, na ilielezwa kwa jina hili la SWI mwaka 2004. Mashine za kampuni nyingine huiita SWAN au SWIp, na kanuni zake hazifanani kabisa, kwa hiyo usihesabu nukta kwenye mashine moja ukalinganisha na hesabu ya mashine nyingine.

Nguvu ya alama hii hufuata nguvu ya sumaku ikizidishwa na TE. Kwenye mashine ya Tesla 1.5 hutumika TE ya takribani milisekunde 40, na kwenye ya Tesla 3 takribani 20, kwa kuwa zao ni lile lile, 60. Kwenye mashine ya sumaku dogo ya Tesla 0.35, ili kufikia zao hilo ungehitaji TE ya takribani 171, na kufikia hapo ishara ya ubongo imekwisha kufifia. Mwenye mashine hiyo apige mwangwi wa gradienti wa kawaida wenye TE ndefu kadiri picha inavyostahimili, na kwenye ripoti aandike wazi kwamba nukta ndogo zinaweza kuwa hazikuonekana. Hilo ni bora kuliko kuandika kwamba hakuna damu.

Kila SWI hutoa mafungu manne ya picha: ya ukubwa wa ishara, ya fazi, ya SWI yenyewe, na ile inayounganisha vipande kadhaa na kubakiza sehemu nyeusi zaidi, ambayo huitwa mIP. Hospitali moja niliyowahi kufanya kazi ilikuwa imeiwekea mashine mpangilio wa kutuma SWI na mIP tu kwenye hifadhi, na fazi ilifutika kila usiku. Tuligundua baada ya wagonjwa kadhaa kwamba hatukuwa na namna ya kurudi nyuma kutofautisha damu na kalisi. Kabla mgonjwa hajashuka mezani, hakikisha mafungu yote manne yamehifadhiwa.

Kisa: kijana wa Kibaigwa

Kijana wa miaka 24, dereva wa bodaboda, anarushwa na gari usiku kwenye barabara ya Dodoma kwenda Morogoro karibu na Kibaigwa. Anafikishwa hospitali akiwa hajitambui, alama yake ya fahamu ikiwa 7 kati ya 15, anawekewa mpira wa hewa na kulazwa chumba cha wagonjwa mahututi. CT ya saa tatu baada ya ajali haionyeshi damu kubwa. Inataja tu nukta moja nyeupe, ndogo, kwenye sehemu ya kulia ya nyuma ya juu, na kuandika kwamba huenda ni damu. Siku ya tano, dawa za usingizi zimepunguzwa na haamki. Anaombewa MRI kwenye mashine ya Tesla 1.5.

*Hatua ya kwanza ni kabla ya kuingia chumbani.* Mashine ya kupumulia lazima iwe ya aina inayoruhusiwa karibu na sumaku, na vyuma vya nje vya kuunga mfupa lazima vithibitishwe. Jambo la tatu husahaulika sana: andika kwenye fomu kiwango cha oksijeni anachopewa. Kijana huyu alisafirishwa akiwa kwenye asilimia 100. Kumbuka namba hiyo.

*Hatua ya pili ni mpangilio wa sikwensi.* Mgonjwa huyu hatapewa dawa ya gadolinia, na hata kama angepewa, FLAIR hutangulia, kwa kuwa gadolinia ikivuja kwenye maji ya ubongo hufupisha T1 yake na kuyafanya meupe. Tunapiga picha ya mtawanyiko kwanza, kisha FLAIR ya ulalo na ya wima, kisha SWI, kisha T2 na T1. SWI huchukua dakika kadhaa na haivumilii mtikisiko. Mgonjwa akianza kutapatapa, badili upige mwangwi wa gradienti wa haraka. Picha chafu ya SWI humtengenezea msomaji nukta ambazo hazipo.

*Hatua ya tatu: soma T1 na T2 kwanza, na uandike unachokiona.* Hili nalisisitiza, kwa sababu aliyekwisha kuona SWI hujidanganya kwamba aliona vitu kwenye T2. Kwa kijana wetu, T1 ni ya kawaida. T2 ina weupe hafifu nyuma ya korpasi kalosamu upande wa kushoto, unaoweza kuwa ukingo wa chumba cha maji. Basi.

*Hatua ya nne: FLAIR.* Ya wima inaonyesha bila shaka jeraha jeupe kwenye sehemu ya nyuma ya korpasi kalosamu, lenye upana wa takribani milimita 9. Weupe ule wa T2 haukuwa chumba cha maji. Lakini FLAIR ya ulalo inaleta jambo jingine la kutisha: mifereji karibu yote ya juu ya ubongo, kulia na kushoto, ni meupe, ilhali maji ya vyumba vya ndani ni meusi kama inavyotakiwa. Msomaji wa haraka ataandika damu iliyoenea juu ya ubongo wote. Mwingine ataandika homa ya uti wa mgongo.

Hapa ndipo ile asilimia 100 inapoingia. Oksijeni iliyoyeyuka kwenye maji ya mifereji hufupisha T1 yake. Chukua kwa mfano kwamba T1 imeshuka kutoka 4300 hadi 3500. Kwa TR ya 9000 na TI ya 2480, maji ambayo yangepaswa kuwa kwenye sifuri sasa yamevuka na kufikia takribani asilimia 9 ya ishara yake kamili. Asilimia 9 inasikika kuwa ndogo, lakini TE ya FLAIR ni ndefu na maji hupoteza ishara polepole mno, kwa hiyo hubaki nayo karibu yote wakati tishu za ubongo zimepoteza sehemu kubwa ya yao. Mfereji unang'aa. Maji ya vyumba vya ndani hayaathiriki vile vile, na ndiyo maana tofauti ya nje na ndani inaonekana.

Namna ya kuthibitisha ni kuzungumza na daktari wa usingizi aliye na mgonjwa. Ikiwa hali inaruhusu, apunguze oksijeni hadi asilimia 50 au chini yake kwa muda, akiangalia kipimo cha oksijeni kwenye damu, kisha FLAIR irudiwe. Uamuzi wa kupunguza ni wake, si wa aliye kwenye kompyuta. Kwa kijana huyu ilikubalika kushusha hadi asilimia 40. FLAIR ya pili ilikuwa na mifereji myeusi kila mahali, isipokuwa miwili iliyo kando ya mfereji mkubwa wa upande wa kulia, ambayo ilibaki meupe.

*Hatua ya tano: ipeleke mifereji hiyo miwili kwenye SWI.* Huu ndio moyo wa kusoma kwa pamoja. Weupe wa FLAIR kwenye mfereji unasema tu kwamba maji si maji safi tena. Hausemi kimeingia nini. Kikiwa damu ya siku kadhaa, SWI itaonyesha weusi ukiufuata mfereji ule ule. Kikiwa usaha au protini ya maambukizi, au oksijeni, SWI haitakuwa na weusi wowote hapo. Kwa kijana wetu, mifereji yote miwili ina utepe mweusi kwenye SWI. Ni damu kidogo juu ya ubongo, na sehemu nyingine zote zilikuwa oksijeni. Uangalifu mmoja unahitajika: mishipa ya vena hupita kwenye mifereji na ina damu iliyokwisha kutoa oksijeni, kwa hiyo ni myeusi kwa asili. Fuata weusi kwenye vipande vya juu na vya chini, na uutazame kwenye mIP. Vena huendelea kama kamba na kuungana na nyingine. Damu iliyovuja hukaa kwenye mfereji kama doa lisilo na mwendelezo.

*Hatua ya sita: hesabu na uziweke nukta mahali pake.* Kwenye SWI, kijana huyu ana nukta kumi na moja nyeusi mahali gamba la kijivu linapokutana na sehemu nyeupe, nyingi zikiwa upande wa mbele. Ana tatu ndani ya korpasi kalosamu, mojawapo ikiwa ndani ya lile jeraha la FLAIR. Ana moja kwenye shina la ubongo, upande wa nyuma kushoto wa ubongo wa kati. Mpangilio huu si wa bahati. Kichwa kinapozungushwa ghafla, tishu zenye uzito tofauti huteleza kwa mwendo tofauti, na nyuzi hukatika kwenye mipaka hiyo, kwenye mkanda wa katikati, na kwenye shina, pamoja na vimishipa vidogo vinavyoambatana nazo. Daraja la Adams la mwaka 1989 hufuata njia hiyo: la kwanza ni sehemu nyeupe ya juu pekee, la pili korpasi kalosamu ikiongezeka, la tatu shina la ubongo.

Kwa kuwa nukta moja ya shina ndiyo inayompandisha kutoka daraja la pili hadi la tatu, isome kwa ukali zaidi kuliko nyingine zote. Je, inaonekana kwenye vipande viwili vinavyofuatana? Ndiyo. Je, ipo karibu na hewa ya mfupa wa sikio, ambako SWI huzimika bure? Hapana, iko juu ya hapo. Je, ni vena iliyokatwa kwa upana? mIP haionyeshi kamba inayoingia humo. Je, T2 ina chochote hapo? Ina weupe hafifu, ambao FLAIR haikuuona. Sasa naiamini.

Linganisha pia nukta na majeraha ya FLAIR pande zote mbili. Kuna jeraha jeupe la FLAIR kwenye sehemu nyeupe ya kushoto lisilo na nukta yoyote kwenye SWI: nyuzi zimechanika bila damu kuvuja. Na nukta saba kati ya zile kumi na moja hazina weupe wowote kwenye FLAIR. Aliyepiga moja tu angekosa sehemu ya picha, na angekosa sehemu tofauti kulingana na ile aliyoichagua.

*Hatua ya saba: nukta isiyofanana na wenzake.* Ile nukta nyeupe ya CT, upande wa kulia nyuma, inaonekana nyeusi kwenye SWI kama nyingine. Lakini haipo kwenye mpaka wa gamba na sehemu nyeupe. Imo ndani ya gamba lenyewe, na FLAIR kuizunguka haina uvimbe wowote, jambo lisilo la kawaida kwa damu ya siku tano inayoonekana hata kwenye CT. SWI huiona kalisi nyeusi vile vile, kwa kuwa nayo huvuruga sumaku, ila kwa mwelekeo ulio kinyume na wa chuma. Kinyume hicho huonekana kwenye fazi.

Watu wengi hufundishwa kukariri kwamba damu ni nyeusi na kalisi ni nyeupe kwenye fazi. Usikariri. Kampuni hazikubaliani kuhusu alama ya fazi, na picha moja hugeuka kinyume ukihamia mashine nyingine. Tafuta kalisi inayojulikana ndani ya kichwa hicho hicho: tezi ya pineali, ambayo kwa watu wazima wengi ina kalisi, au mishipa ya koroidi ndani ya vyumba vya maji, na uihakikishe kwenye CT. Itazame kwenye fazi, katika kipande kinachopita katikati yake. Kisha itazame nukta yako, nayo katika kipande cha katikati. Ukichagua kipande cha juu au cha chini yake utaona rangi iliyogeuka, kwa sababu uga wa sumaku kuizunguka nukta ya mviringo hubadili alama kwenye ncha zake. Vena pia si rejea nzuri kwa kazi hii, maana fazi yake hutegemea imelala kwa pembe gani na sumaku.

Kwa kijana wetu, nukta ya kulia ilifanana na pineali, na nukta nyingine zote zilikuwa kinyume chake. Nilirudi kwenye CT na kupima: ilikuwa takribani 180 kwenye kipimo cha Hounsfield. Damu mbichi kwa kawaida haivuki 100. Ni kalisi, na iko pale tangu zamani.

Kibaigwa ipo wilayani Kongwa, ambako familia nyingi hufuga nguruwe. Kifuko cha tegu wa nguruwe kilichokufa ndani ya ubongo huacha punje ya kalisi ya namna hii hii, na punje hiyo inaweza kuleta kifafa. Nilimuuliza mama yake kama kijana aliwahi kuanguka kifafa kabla ya ajali. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mara mbili, daktari, lakini tulidhani ni malaria imempanda kichwani." Sina hakika kwamba degedege ndiyo iliyomwangusha barabarani usiku ule. Lakini daktari anayemtunza alihitaji kulijua hilo kabla ya kuamua kuhusu dawa za kifafa, na bila fazi nukta ile ingehesabiwa kuwa jeraha la kumi na mbili.

*Hatua ya nane: ripoti.* Niliandika majeraha ya nyuzi za ubongo ya daraja la tatu, nikataja kila eneo na idadi yake, nikaandika aina ya mashine na TE ya SWI ili atakayerudia baada ya miezi alinganishe kitu kimoja na kingine. Niliandika kwamba weupe wa mifereji katika FLAIR ya kwanza ulitokana na oksijeni, na kwamba damu halisi ipo kwenye mifereji miwili tu ya kulia. Kalisi niliipa aya yake.

Kuna mambo ambayo ripoti hii haiwezi kuyasema. Weupe wa FLAIR huanza kufifia baada ya wiki chache, kwa hiyo aliyepigwa picha miezi mitatu baada ya ajali anaweza kuwa na FLAIR safi na bado ana ubongo ulioumia. Nukta za SWI hubaki miaka, kwa kuwa chuma cha hemosiderini hakiondoki, kwa hiyo kuziona tena hakumaanishi kwamba damu mpya imevuja, wala hakuna kinachozitofautisha na za ajali ya zamani. Na idadi ya nukta peke yake si kipimo cha nani ataamka. Jeraha la shina lina uzito zaidi ya nukta kumi za juu, lakini nalo nimeona watu wakilivuka.

Mama yake aliniuliza hilo hilo nje ya chumba cha picha. "Ataamka?" Nilimwambia, "Mama, tumeona mahali alipoumia, na hapo katikati pamegusa sehemu inayomwamsha mtu. Picha haitaji siku. Tutampima tena fahamu zake kila asubuhi, na hizo dawa za kifafa zianze leo."